Dodoso 1,200, mikoa mitano: shajara ya kugawa sampuli ya Zanzibar

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimekabidhiwa faili la sampuli. Mradi ni mdogo: tunauliza kaya za Unguja na Pemba wanapata wapi maji ya matumizi ya nyumbani, na siku ngapi kwa wiki maji yanatoka. Kaya moja, dodoso moja. Bajeti inatosha dodoso 1,200 na si zaidi. Kazi yangu ni kuzigawa kwa mikoa mitano, kila mkoa upate kwa kadiri ya sehemu yake ya watu wa Zanzibar.

Aliyenitangulia alikwisha kuzigawa. Nilifungua jedwali lake nikaona Kaskazini Pemba amepewa dodoso 195 na Kusini Unguja 106. Hesabu yenyewe haina kosa lolote, nimeirudia kwa kikokotoo. Kilichonishtua ni jumla ya watu pale chini: 1,303,569. Hiyo ni Zanzibar ya sensa ya 2012.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Ingekuwa kila mkoa umekua kwa kasi moja, isingekuwa taabu, maana asilimia zingebaki zile zile. Lakini hazikubaki. Kusini Unguja ilitoka watu 115,588 hadi 195,873, ongezeko la kama asilimia 69 kwa miaka kumi. Anayepita barabara ya Tunguu, au aliyeiona Paje ya zamani na ya sasa, hatashangaa. Kaskazini Pemba nayo ilitoka 211,732 hadi 272,091, kama asilimia 29. Kwa hiyo Kusini Unguja imepanda kutoka asilimia 8.9 ya Wazanzibari hadi 10.4, na Kaskazini Pemba imeshuka kutoka 16.2 hadi 14.4. Kwa jedwali la zamani tungewahoji Wapemba wa kaskazini zaidi ya haki yao kwa dodoso 22, na watu wa Makunduchi na Paje wangepunjwa 18.

Nimefuta safu nzima na kuingiza takwimu za 2022. Kuanzia leo kila jedwali langu litaandikwa mwaka wa sensa juu ya safu ya watu, si pembeni kwenye maelezo ambayo hakuna anayeyafungua.

Jumatano, 4 Septemba

Nilidhani leo ni kazi ya nusu saa. Nimeshinda nayo.

Takwimu ndizo hizi: Kaskazini Unguja 257,290, Kusini Unguja 195,873, Mjini Magharibi 893,169, Kaskazini Pemba 272,091, Kusini Pemba 271,350. Nikatafuta asilimia, nikazikata kwenye nukta moja kama zinavyochapwa kwenye ripoti: 13.6, 10.4, 47.3, 14.4, 14.4. Nikazidisha kila moja kwa 1,200 na kukadiria kwenye namba nzima. Nikapata 163, 125, 568, 173 na 173. Nikajumlisha: 1,202.

Dodoso mbili zimetoka wapi? Ukizijumlisha zile asilimia zenyewe utaliona jibu: zinafika 100.1. Nimezikadiria mara ya kwanza kwenye asilimia, nikazikadiria tena kwenye dodoso, na makosa yote mawili yakaelemea upande mmoja. Basi nikaacha kukata asilimia. Nikagawa watu wa mkoa kwa watu wote, nikazidisha kwa 1,200 bila kugusa desimali, na kukadiria mara moja tu mwishoni:

Kaskazini Unguja 163.378, inakuwa 163. Kusini Unguja 124.379, inakuwa 124. Mjini Magharibi 567.160, inakuwa 567. Kaskazini Pemba 172.777, inakuwa 173. Kusini Pemba 172.306, inakuwa 172.

Jumla: 1,199. Sasa imepungua moja!

Mwenzangu wa meza ya pili akaniambia, "Maalim, si umpe tu Mjini Magharibi, yeye mkubwa hataona." Ndivyo watu wengi wanavyofanya, na kwa kweli dodoso moja katika 567 halibadilishi kitu. Ila sikupenda. Jedwali la mgawanyo huja kuulizwa na watu wa mikoa, na jibu la "tuliona huyu mkubwa" si jibu la kumpa mtu.

Ijumaa, 6 Septemba

Njia niliyoishika ni ya kugawa mabaki, ile ile inayotumika katika baadhi ya nchi kugawa viti vya bunge. Kwanza kila mkoa unapewa namba yake nzima bila kukadiria juu: 163, 124, 567, 172, 172. Jumla ni 1,198, zimebaki dodoso mbili. Halafu unawapanga kwa ukubwa wa desimali zao, na wenye desimali kubwa ndio wanaoongezewa moja moja mpaka zilizobaki ziishe.

Kwenye jedwali, watu wakiwa safu ya B kuanzia B2 hadi B6 na jumla iko B7, fomula ni hizi, za safu C, D, E na F:

```
=B2/B$7*1200
=INT(C2)
=C2-D2
=D2+IF(RANK(E2,E$2:E$6)<=1200-D$7,1,0)
```

D7 ni jumla ya safu ya D. Ukiishusha fomula mpaka mstari wa 6, jumla ya F haiwezi kuwa kitu kingine ila 1,200, isipokuwa desimali mbili zilingane kabisa hapo penye mpaka.

Na kwetu nusura zilingane. Dodoso la kwanza lilikwenda Kaskazini Pemba bila ubishi, desimali yake ni .777. La pili ndilo lililotufanya tukae. Kusini Unguja ana .3787, Kaskazini Unguja ana .3784. Kwenye skrini yangu iliyowekwa nukta mbili, wote wawili walionekana .38. Nikafungua desimali hadi nne ndipo nikamwona mshindi. Kusini Unguja 125, Kaskazini Unguja abaki na 163. Wametenganishwa na kitu kisichofika hata nusu ya elfu moja ya dodoso.

Nimeiandika kwenye karatasi ya maelezo ya sampuli, sentensi mbili, pamoja na desimali zote nne. Halafu nikaenda Ijumaa nikiwa na moyo mkunjufu, nikidhani kazi ya mgawanyo imekwisha.

Jumatatu, 9 Septemba

Haikuwa imekwisha. Msimamizi wetu wa uwanjani, mama wa Wete mwenye kusimamia wadodosaji tangu mimi nikiwa skuli, ameliangalia jedwali langu akacheka. "Mwanangu, dodoso 125 za Kusini nitazibebaje? Mimi nakwenda mtaani nafanya nyumba kumi na mbili, nafunga, nahama. Nusu mtaa sina."

Ana haki, na ni mimi niliyesahau mpango wetu wenyewe. Hatuchagui kaya moja moja kutoka orodha ya Zanzibar nzima. Tunachagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, vile vipande vilivyochorwa kwa ajili ya sensa, halafu katika kila eneo tunaorodhesha kaya zote na kuchukua 12 kwa kuruka kwa hatua sawa. Dodoso 1,200 maana yake ni maeneo 100. Kinachogawika kwa mikoa ni maeneo, si dodoso.

Nikabadilisha 1,200 kuwa 100 kwenye fomula zile zile. Hisa zikatoka 13.615, 10.365, 47.263, 14.398 na 14.359. Namba nzima zinafika 98, na mbili zilizobaki zikaenda kwa Kaskazini Unguja (.615) na Kaskazini Pemba (.398). Mgawanyo wa mwisho basi ni huu:

Kaskazini Unguja maeneo 14, kaya 168. Kusini Unguja maeneo 10, kaya 120. Mjini Magharibi maeneo 47, kaya 564. Kaskazini Pemba maeneo 15, kaya 180. Kusini Pemba maeneo 14, kaya 168.

Ule ushindi wa Kusini Unguja wa Ijumaa umefutika, na kwa jumla amepoteza dodoso tano. Mikoa miwili ya Pemba imeachana kwa watu 741 tu, lakini sasa mmoja una kaya 12 zaidi ya mwenzake. Hivi ndivyo inavyokuwa kipande cha kugawa kikiwa kikubwa: mikate ukiigawa kwa vipande vikubwa, lazima mtu aondoke na kilichozidi. Mgawanyo bado ni wa uwiano, ila uwiano wenyewe umekuwa wa karibu, na tofauti inayobaki tutaisawazisha kwenye uzito, yaani kiasi ambacho kila jibu litahesabiwa, wakati wa kuchambua.

Ndani ya kila mkoa maeneo yatachaguliwa kwa nafasi inayolingana na idadi ya kaya zake. Eneo lenye kaya 150 lina nafasi mara mbili ya lenye 75, lakini yote yakishachaguliwa yanatoa 12 tu. Hapo mambo mawili yanakatana: katika eneo kubwa kaya moja moja ina nafasi ndogo, lakini eneo lenyewe lilikuwa na nafasi kubwa ya kuchaguliwa. Mwishowe kaya ya Michenzani na kaya ya Micheweni zinakaribia kuwa na nafasi sawa ya kubishiwa hodi.

Nimesema "zinakaribia" kwa sababu kuna jambo linanikera. Tumegawa kwa idadi ya watu, lakini tunachohoji ni kaya. Kaya za Pemba kwa kawaida zina watu wengi kuliko za mjini. Watu 1,000 wakikaa watano watano ni kaya 200. Wakikaa sita sita ni kaya kama 167. Kwa hiyo kugawa kwa watu kunaipa Pemba maeneo kidogo zaidi ya haki yake ya kaya. Mkataba wa mradi umeandika "kwa asilimia ya watu" na mfadhili ameshausaini, basi nimeuacha, lakini nimeomba safu ya idadi ya kaya kwa kila mkoa ili irekebishwe kwenye uzito. Ningekuwa naanza mimi, safu ya B ingekuwa ya kaya.

Alhamisi, 12 Septemba

Mkutano na mfadhili, saa mbili nzima. Wanautaka mgawanyo wa uwiano na wanataka pia jedwali la kila mkoa peke yake, "ili tulinganishe mikoa mitano." Nikawaeleza kwamba mambo hayo mawili yanavutana.

Mgawanyo wa uwiano umetengenezwa kwa ajili ya namba moja, ya Zanzibar nzima. Kila mkoa unaingia kwenye wastani kwa kadiri ya ukubwa wake. Haukuahidi kwamba mkoa mdogo utakuwa na kaya za kutosha kusimama peke yake. Kusini Unguja ina kaya 120. Kwa hesabu ya kawaida kabisa, ya kuchagua kaya moja moja, kosa la sampuli kwa kaya 120 ni kama asilimia 9 juu na 9 chini. Mmoja wao akasema hiyo inavumilika.

Ingevumilika, lau ingekuwa ndiyo. Lakini sisi tunauliza maji. Nyumba 12 za eneo moja zinakula bomba moja: likitoka kwa mmoja limetoka kwa wote, likikauka wote wanachukua ndoo. Nikihoji ya kwanza, ile ya pili inaniambia jambo jipya kidogo sana. Watu wa sampuli wana fomula ya hilo, 1 + (m − 1) × ρ, m ikiwa ni kaya kwa eneo na ρ ni jinsi majirani wanavyofanana. Tukikadiria ρ ni 0.3, na kwa maji ya bomba mimi sioni kuwa ni kubwa mno, tunapata 1 + 11 × 0.3, yaani 4.3. Gawa 120 kwa 4.3: kaya zetu 120 za Kusini Unguja zinafanya kazi ya kaya 28. Kosa linapanda hadi kama asilimia 19 kila upande. Ukisema nusu ya kaya za mkoa zina maji kila siku, ukweli unaweza kuwa theluthi, au theluthi mbili.

Chumba kikanyamaza. Halafu likaja swali ambalo ndilo la haki: kwa nini tusigawe sawa, maeneo 20 kila mkoa?

Nikalikokotoa pale pale. Maeneo 20 ni kaya 240, zikigawanywa kwa 4.3 ni kaya 56, na kosa ni asilimia 13 kwa kila mkoa. Bado ni pana. Na Mjini Magharibi, wenye karibu nusu ya watu wote, wangeshuka kutoka maeneo 47 hadi 20, halafu majibu yao yabebeshwe uzito mkubwa kufidia. Kosa la namba ya Zanzibar nzima lingetoka karibu asilimia 6 hadi asilimia 7. Tungeharibu namba nzuri ili tupate tano ambazo hazifai kulinganishwa.

Dawa ya kweli ingekuwa maeneo mengi yenye kaya chache, kwa mfano maeneo 200 ya kaya sita sita. Mhasibu akatikisa kichwa kabla sijamaliza: gari ni zile zile mbili, na tiketi za boti za timu ya Pemba zimeshapangiwa siku zake.

Tumekubaliana hivi. Mgawanyo unabaki wa uwiano, na ripoti itakuwa na makundi matatu badala ya matano: Mjini Magharibi kaya 564, Unguja mashamba kaya 288 (Kaskazini na Kusini pamoja), na Pemba kaya 348. Makosa yao kwa hesabu ile ile ni kama asilimia 9, 12 na 11, na yatachapwa ndani ya jedwali, kando ya kila namba. Hilo la kuchapwa kando nililing'ang'ania mimi, maana likiwekwa kwenye kiambatisho halitasomwa.

Nikirudi ofisini nilikumbuka Ijumaa yangu yote niliyoipoteza kwa .3787 na .3784.

Jumanne, 24 Septemba

Wadodosaji wako uwanjani wiki ya pili. Barua zimeshafika kwa masheha, mashamba wanapokelewa vizuri, Pemba ndiyo usiseme. Tatizo liko mjini: mchana watu wako kazini, milango ya maghorofa imefungwa, na mlinzi hataki maneno.

Leo nimegundua kitu kwa bahati. Eneo moja la Magharibi lilirudi na dodoso 12 kamili kwa siku moja, wakati jirani zake wanarudi na 9 au 10. Nikafungua saa za mahojiano kwenye tableti: yote kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Nikalinganisha namba za nyumba na orodha ya uchaguzi: nne hazimo. Kijana alikuwa akikuta mlango umefungwa anahamia nyumba ya pili iliyo wazi, ili hesabu ya mkoa ijae. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameambiwa Mjini Magharibi inatakiwa 564, akadhani 564 ndiyo amana yenyewe.

Lakini nyumba yenye mtu saa nne asubuhi si sawa na nyumba isiyo na mtu. Mwenye kushinda nyumbani huenda ndiye anayengojea maji yatoke. Mkoa ungejaa kwa idadi na huku ndani umepinda, na uzito wowote nitakaoutumia baadaye usingeweza kuuona upindaji huo. Pengo la dodoso nne linaonekana kwenye jedwali. Jirani aliyewekwa mahali pa mwenziwe haonekani popote. Nimezifuta zile nne. Mama wa Wete amempeleka kijana tena jioni, baada ya magharibi, akapata tatu kati ya nyumba nne za asili.

Jumatano, 16 Oktoba

Uwanja umefungwa. Zilizopatikana: Kaskazini Unguja 166 kati ya 168, Kusini Unguja 119 kati ya 120, Mjini Magharibi 507 kati ya 564, Kaskazini Pemba 178 kati ya 180, Kusini Pemba 167 kati ya 168. Jumla 1,137.

Mjini Magharibi sasa ni asilimia 44.6 ya dodoso zetu badala ya 47. Uzito wa kufidia waliokosekana ni rahisi: zilizopangwa ukigawa kwa zilizopatikana. Mjini Magharibi 564/507, yaani 1.112. Wengine wote wako kati ya 1.006 na 1.012.

Nilitaka kujua uzito huu unaokoa nini hasa. Nikachukua mfano wa kubuni: tuseme mjini kaya 80 kati ya 100 zina bomba, na kwingine 50 kati ya 100. Kwa mgawanyo uliopangwa, wastani ni 64.1. Kwa dodoso zilizopatikana bila uzito, ni 63.4. Tofauti haifiki hata asilimia moja, ilhali kosa letu la sampuli ni karibu sita. Uzito nitauweka, kwa sababu ni sahihi na hauna gharama, ila sitaandika kwenye ripoti kwamba umetatua tatizo la milango iliyofungwa mjini. Unachukulia kwamba 57 waliokosekana wangejibu kama 507 waliopatikana, na sina cha kuthibitishia hilo.

Safu ya idadi ya kaya kwa mkoa imefika leo mchana. Kesho naingiza hatua ya pili ya uzito, ile ya kutoka watu kwenda kaya, na naanza na Pemba.